Mmetunga Pamoja, Sawa. Nani Amekata?

Jumamosi nilikaa kwenye kiti cha plastiki Mikocheni kutazama igizo la vijana. Mpaka mgogoro unaanza kueleweka, watu nyuma yangu walishaanza kupigiana simu. Nikauliza nani kaandika. "Tumetunga pamoja, kaka." Kumbe walirekodi mazoezi, wakanakili kila neno, wakagawana nakala. Hiyo ni skripti au muhtasari wa kikao cha ukoo?

Kuna kundi niliwahi kuliongoza, tukawa na tukio la mama mwenye nyumba na mpangaji anayedaiwa kodi. Walipoigiza papo kwa papo mara ya kwanza, zilipita dakika zaidi ya 20. Nusu yake ilikuwa "nisikilize kwanza", "we ngoja", na vijembe vilivyochekesha kwa sababu waliokaa pembeni ni washkaji. Kicheko cha mazoezini kimeharibu maigizo mengi mjini hapa kuliko ukata. Lakini katikati ya kelele zile mama akasema taratibu, "Mie sikufukuzi, mwanangu. Nabadilisha kufuli tu." Kijana akanyamaza. Kisha, bila shaka, wakaendelea kubwabwaja.

Ukisikiliza rekodi, tafuta mahali ambapo mtu analazimika kuacha alichokuwa anataka na kutaka kingine. Kijana yule aliingia akiomba wiki moja. Baada ya kufuli anaomba angalau atoe godoro lake. Tukio ni hilo. Tukarudi kuigiza kwa masharti: kufuli jipya liko mkononi mwa mama tangu mwanzo, mwisho dakika tano, na asitamke mtu neno "kodi". Walivyonyimwa neno hilo, wakaanza kuzozania maji, taa ya uani, mdogo wake kijana aliyekuja kusalimia na hajaondoka. Deni likasikika kwenye kila jibu. Ndipo mtu mmoja, mmoja tu jamani, akakaa kuandika.

Rasimu nayo tukaipima. Unaruka mstari mmoja, mnasoma tena. Kama jibu linalofuata bado linaeleweka na hakuna kilichopungua kati ya hao wawili, mstari ulikuwa pambo, unaondoka. Hapo ndipo utasikia, "Umenikatia kichekesho changu!" Ndiyo, nimekikata.

Haya, nakubali shingo upande: mwandishi peke yake mezani asingelipata lile la kufuli. Ndiyo maana tuliliacha kama lilivyotamkwa. Mwandishi wetu, msomi, alitaka kugeuza "mie" kuwa "mimi". Nikamzuia.

Siku chache kabla ya onyesho maneno yanafungwa, maana fundi taa na mwigizaji mwenzako wanasubiri mstari uleule. Atakayeota kichekesho kipya nyuma ya pazia akiandike kwenye daftari la igizo lijalo.