Barua kwa wanaokata misalaba ya shaba: mstatili ni namba, si picha

Yambo yenu, wadogo zangu wa Jumamosi,

Wiki iliyopita nilikaa na vipande mlivyokata kutoka skani ya ukurasa wa 41 wa katalogi ya zamani, ule wenye misalaba sita ya shaba, na nikacheka kidogo kabla ya kukasirika. Misalaba yote sita ilikuwa na ukubwa mmoja. Kwa shaba yenyewe, wa tatu ni mkubwa kama kiganja kilichokunjuliwa, wa tano unaweza kuufumba mkononi usionekane. Lakini kwenye folda yenu ni ndugu mapacha, kila mmoja amejazwa kwenye mraba wa pikseli 1000 kwa 1000. Aliyefanya hivyo alitaka vipendeze vikipangwa pamoja. Namjua, na ni mfanyakazi mzuri, kwa hiyo simtaji.

Nianze na kwa nini ukubwa wa msalaba si pambo. Hapa Lubumbashi kila mtu ameuona, hata asiyewahi kuingia makumbusho. Bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa nayo mitatu. Lakini wanaouchunguza wanataka vipimo. Katika makaburi ya zamani ya bonde la Upemba, misalaba ilianza mikubwa na michache, na kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi zaidi, na inayofanana zaidi. Hilo ni moja ya mambo yaliyowafanya watafiti waone kwamba kitu hiki kiligeuka kuwa fedha. Sasa mtu aliye mbali akifungua vipande vyenu akute misalaba yote sita inalingana, atajifunza nini? Tumemfutia kwa mkono wetu jambo lenyewe alilokuja kulitafuta.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: tunakata, hatupunguzi wala hatukuzi. Pikseli iliyo kwenye kipande iwe ileile iliyokuwa kwenye skani. Mkubwa ubaki mkubwa, mdogo ubaki mdogo, hata kama folda itaonekana kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Hapo kuna mtego mmoja ambao hata mimi niliuingia mwaka wa kwanza. Skani zetu ni za 600 dpi, maana yake milimita moja ya karatasi ni pikseli 23.6 hivi. Nilikuwa napima msalaba kwenye skani, nagawanya kwa 23.6, naandika jibu kwenye jedwali kana kwamba ndio urefu wa shaba. Kumbe nilikuwa napima picha ya msalaba! Katalogi ile ina picha zilizogandishwa kwa gundi kwenye karatasi, na picha ina kipimo chake. Kinachotuokoa ni ile rula ndogo nyeusi na nyeupe iliyopigwa picha pamoja na vitu, chini kabisa. Kwenye ukurasa wa 41, sentimita 10 za rula ile zinachukua pikseli 945. Basi sentimita moja ya kitu halisi ni pikseli 94.5, na hiyo ndiyo namba ya kugawanyia. Msalaba wa tatu una upana wa pikseli 1323, kwa hiyo ni sentimita 14. Wa tano una pikseli 472, nao ni sentimita 5 tu. Kwa kugawanya kwa 23.6 ningepata sentimita 5.6 kwa wa tatu na 2 kwa wa tano, na hakuna ambaye angeshtuka, kwa sababu namba mbovu haina harufu.

Rula ikishakatwa na kuachwa nyuma, kipande hakina tena njia ya kujieleza. Ndiyo maana kabla ya kukata chochote mnapima rula ya ukurasa huo na kuandika kwenye jedwali pikseli ngapi kwa sentimita. Mnapima kila picha upya, msinakili namba ya ukurasa uliotangulia: mpiga picha wa zamani alikuwa anasogeza mashine yake mbele na nyuma apendavyo. Picha isiyo na rula tunaiandikia "hakuna", hatubahatishi.

Sasa kukata kwenyewe. Nimewaona mkivuta mstatili kwa jicho, mmoja akiacha nafasi pana kama uwanja, mwingine akibana mpaka ncha ya msalaba inaguswa. Tuache jicho. Tafuteni kwanza kingo nne za shaba yenyewe: pikseli ya kwanza kushoto, ya kwanza juu, ya mwisho kulia, ya mwisho chini. Kisha ongezeni 120 kila upande, ambayo ni kama milimita 5 za karatasi. Kila kitu, kila ukurasa, 120. Kivuli hakihesabiwi kuwa shaba. Kikitoka nje ya 120, kikatwe, hakuna aliyekufa.

Msalaba wa tatu unaanza kushoto kwenye 812 na juu kwenye 1436. Upana wake ni 1323, kimo chake 1154. Ukitoa 120 unapata kona ya 692 na 1316, na ukiongeza 240 kwenye upana na kimo unapata 1563 kwa 1394. Hesabu zote zinaanzia kona ya juu kushoto ya skani. Amri ya programu ya ImageMagick inakuwa hii:

```
magick asilia/041.tif -crop 1563x1394+692+1316 +repage vipande/041-3.tif
```

Lile neno `+repage` msilidharau. Bila hilo, faili inaweza kuendelea kukumbuka mahali ilipokuwa kwenye ukurasa mzima, na programu nyingine zikaifungua na uwanja mtupu pembeni. Mwaka jana tulipoteza mchana mzima tukidhani skana imeharibika.

Mtaniuliza: jirani akiingia je? Kwenye ukurasa wa 41 mkono wa msalaba wa nne unachungulia ndani ya mstatili wa wa tatu. Mwacheni achungulie. Kuna aliyempaka rangi ya karatasi ili asionekane, kazi safi kabisa, na ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Ukishaanza kupaka, mtazamaji hajui tena ni wapi kamera iliona na wapi mkono wako uliona. Kwa sababu hiyohiyo sipendi ile zana ya kuondoa mandharinyuma kwa mbofyo mmoja. Shaba ya zamani ina kutu ya kijani na kingo nyeusi, zana inadhani ni kivuli, inakula milimita mbili za ncha. Kwenye msalaba wa sentimita 5 hiyo ni hasara kubwa.

Na kupinda? Karatasi ikikaa upande kwenye kioo cha skana kwa digrii moja, msalaba wa upana wa pikseli 1323 unapanda au kushuka pikseli 23 tu toka ncha hadi ncha. Nafasi ya 120 inameza hiyo bila shida, kwa hiyo msinyooshe. Kunyoosha kunalazimisha kila pikseli ihesabiwe upya, picha inalainika kidogo, na namba za jedwali zinakuwa hazimaanishi kitu tena kwenye skani asilia. Ikizidi digrii mbili hivi, niambieni, tuuskani ukurasa upya.

Namba nne za kila kitu, yaani kushoto, juu, upana na kimo, ndizo hasa ninazozitaka kutoka kwenu. Kipande ni kitu cha kutupa. Disko ikifa leo, nikiwa na skani asilia na mstari mmoja wa jedwali, navitengeneza vipande vyote tena wakati chai inapoa. Tukiamua mwakani kwamba 120 ni ndogo, tunabadilisha namba, hatuwaiti tena kukaa Jumamosi kumi. Lakini nikiwa na vipande bila namba, nina picha tu. Mstari wenyewe ni huu, haukai hata upana wa kidole, na unaandika kingo za shaba bila ile 120:

```
faili,kitu,x,y,upana,kimo,px_kwa_cm
041.tif,3,812,1436,1323,1154,94.5
```

Haya yote yanasimama juu ya sharti moja: `041.tif` ya leo iwe ileile ya siku ilipotoka kwenye skana. Mwezi wa kumi, siku ya joto lile, mtu alifungua faili asilia, akakata, umeme ukaanza kuyumba, akaogopa, akabonyeza kuhifadhi. Ukurasa mzima ukawa msalaba mmoja. Tulikuwa na nakala nyingine, tukarudisha. Lakini kilichonisumbua ni kwamba tuliligundua kwa bahati. Kuna uharibifu usioonekana kabisa: programu nyingine za kutazama picha, ukigeuza ukurasa ili usome vizuri, zinaandika upya faili bila kukuuliza.

Kwa hiyo siku ya kuskani tunachukua alama ya kila faili, na kila Jumamosi kabla ya kufunga tunaikagua, tukiwa ndani ya folda ya asilia:

```
sha256sum *.tif > ../asilia.sha256
sha256sum -c ../asilia.sha256
```

Mstari wa kwanza ni mara moja tu. Mkiurudia baada ya faili kuharibika, mnauapisha uharibifu kuwa ukweli. Wa pili ndio wa kila wiki, na ukiona `041.tif: FAILED`, mkono chini, niite. Usijaribu kutengeneza.

Mmoja wenu alipendekeza tufunge folda kwa `chmod a-w`. Sawa, nimefunga, faili na folda yenyewe, kwa sababu programu nyingi zinahifadhi kwa kuandika faili mpya na kuitupa ya zamani, na hapo kufuli la faili peke yake halisaidii. Lakini disko zetu za nje nyingi ni za mfumo wa exFAT, na humo kufuli hilo halishiki. Ndiyo maana disko ya asilia haitoki kabatini. Mnapewa nakala, mnaharibu nakala, tunacheka.

Limebaki la ukurasa wa 44, mlilobishana hadi kwenye basi. Pale kuna misalaba midogo mitano iliyofungwa pamoja kwa kamba, na wengine mmekata vipande vitano. Aliyeandika katalogi aliipa namba moja. Aliyeifunga, zamani huko, naye aliifunga iwe kitu kimoja. Kateni kimoja, kamba na yote, na kwenye jedwali andikeni mitano. Jumamosi tunaendelea na wa 45, saa tatu asubuhi, na tafadhali mtu alete betri za kipanya.