Video fupi bila sauti, video fupi bila picha: maandishi ya skrini yanamfaa nani?

Chukua video ya sekunde 40 inayoonyesha namna ya kuziba pancha ya baiskeli. Hakuna anayezungumza. Kuna muziki, mikono miwili, na maandishi makubwa yanayopokezana juu ya picha: "Tafuta tundu", "Sugua kwa msasa", "Gundi hapa", "Subiri". Aliyeitengeneza ataamini amewafikiria watu wote, maana kila hatua imeandikwa. Kiziwi anaifuata bila shida. Asiyeona anaambulia muziki tu, kwa sababu maandishi yaliyobandikwa kwenye video yameshakuwa sehemu ya picha, na kisoma skrini, yaani programu ya simu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kama TalkBack au VoiceOver, kwa kawaida hakiyaoni wakati video inacheza.

Kwa hiyo kuna wanaosema maandishi ya kubandika yaachwe kabisa, manukuu, yaani maneno ya video yakiwa yameandikwa, yawekwe kwenye faili la pembeni. Hoja yao ina uzito. Manukuu ya faili yanaweza kuzimwa, na mahali pengi mtazamaji anaweza kuyakuza au kuyabadilisha rangi ili yamfae. Maneno yale yale yakitolewa pia kama maandishi ya kawaida chini ya video, kiziwi asiyeona huyasoma kwa vidole kwenye kifaa cha breli. Ya kubandika hayana lolote kati ya hayo. Isitoshe, kwenye video ya wima vitufe vya programu hukaa kulia na chini, na maandishi yaliyowekwa huko hufunikwa.

Lakini faili lina udhaifu ambao watetezi wake huupita haraka: halisafiri. Mtu akiipakua video na kuituma kwenye kundi la ujumbe, manukuu hubaki nyuma na kiziwi anayeipokea anaona midomo ikicheza tu. Video fupi nyingi huishi hivyo, kwa kupokezanwa. Kwa kazi inayotarajiwa kusambaa, ni afadhali maneno yanayosemwa yabandikwe, juu ya kisanduku cheusi kinachofanya herufi nyeupe zisomeke hata picha ya nyuma inapong'aa. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya wavuti yawafikie watu wenye ulemavu, unataka uwiano wa mwangaza kati ya herufi na mandhari usiopungua 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Herufi nyeupe zisizo na kisanduku zinaweza kutimiza hilo kwenye fremu moja na kushindwa kwenye inayofuata.

Ubishi mgumu zaidi ni huu: mtu anukuu neno kwa neno, au afupishe? Tuseme video yetu imepata msimulizi, naye anatamka hivi ndani ya sekunde tano: "Paka gundi kidogo kuzunguka tundu, kisha uiache ikauke kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kubandika kiraka." Ni herufi 107 pamoja na nafasi, yaani zaidi ya 21 kwa sekunde. Kasi inayosomeka bila kuacha kutazama mikono ni kama 15 hadi 17. Kuhesabu maneno hakusaidii sana kwa Kiswahili, kwa kuwa neno letu moja hubeba kiima, wakati na kitenzi kwa pamoja, kwa hiyo hesabu herufi. Ukifupisha unapata hivi:

```
4
00:00:19,000 --> 00:00:21,000
Paka gundi kidogo
kuzunguka tundu.

5
00:00:21,000 --> 00:00:24,000
Iache ikauke dakika 3 hadi 5,
kisha ubandike kiraka.
```

Sasa ni herufi 84 kwa sekunde zile zile tano, yaani karibu 17 kwa sekunde. (Hilo ni faili la SRT, ambalo huweka mkato kabla ya milisekunde. WebVTT huweka nukta, na mstari wake wa kwanza lazima uwe WEBVTT. Anayechanganya alama hizo mbili huona manukuu yakikataa kutokea, akadhani kosa liko kwenye video.)

Wapo viziwi wanaopinga ufupishaji, nao wana haki. Anayesoma midomo, au anayesikia kidogo, hutambua mara moja kwamba kilichoandikwa sicho kilichosemwa, na hujiuliza ameficha nini huyu. Kwa upande mwingine, wapo ambao lugha yao ya kwanza ni ya alama. Kwao Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili, na sentensi ndefu inayopita mbio haiwafai kitu. Kwa video ya maelekezo ningefupisha, ila kwa mpaka: maneno ya kujazia yanaondoka, lakini namba, kanusho na mfuatano wa hatua haviguswi. "Usibandike kabla haijakauka" ikifupishwa kuwa "Bandika ikikauka", onyo limegeuka agizo, na kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi hakishiki. Kama maneno yenyewe ndiyo habari, kwa mfano kauli ya kiongozi au ushahidi wa mtu, usifupishe. Muombe msemaji aseme polepole, au refusha video.

Sauti zisizo maneno husahaulika zaidi. Tyubu ikijazwa upepo husikika ikivuja, na mlio huo ndio unaoongoza mkono kwenye tundu. Kiziwi anahitaji kuandikiwa [hewa inavuja]. Muziki unaocheza nyuma unatosha kutajwa mara moja.

Asiyeona ana tatizo la kinyume: anausikia mlio, hajui unatoka wapi. Njia ya kawaida ya filamu, yaani kuingiza maelezo ya sauti kwenye vituo vya mazungumzo, hapa haiwezekani, kwa sababu video ya sekunde 40 haina vituo. Inabaki kurekebisha maneno kabla ya kurekodi. "Tundu liko hapa" inakuwa "tundu liko sentimita mbili kutoka kwenye vali". "Sugua hivi" inakuwa "sugua kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe". Watengenezaji hulalamika kwamba usimulizi unaua mdundo, na ni kweli video inaweza kufika sekunde 55. Gharama hiyo naiona ndogo, kwani hata anayeona hajui "hivi" ni mpaka lini.

Maelezo mbadala ya maandishi huja baada ya hapo. Kwa picha, majukwaa mengi yana kisanduku chake. Kwa video mara nyingi hakipo, na maelezo huandikwa kwenye maneno yanayoambatana nayo. Yaweke mwanzoni, maana sehemu inayofuata hufichwa mpaka mtu abonyeze kuona zaidi:

"Kuziba pancha, bila usimulizi, muziki tu. Tyubu inazamishwa kwenye maji. Viputo vinaonyesha tundu. Inakaushwa, inasuguliwa kwa msasa, inapakwa gundi. Baada ya dakika 3 hadi 5 kiraka kinabandikwa na kukandamizwa."

Rangi ya shati la fundi haimo, kwa kuwa haibadilishi kazi. Emoji kumi za moto nazo ziachwe: kisoma skrini kinaweza kuzitaja moja moja. Herufi za mapambo zinazonakiliwa kutoka tovuti za fonti ni mbaya zaidi, kwani husomwa kama alama za hesabu au kurukwa kabisa.

Udhaifu wa maelezo haya ni kwamba hayaendi sambamba na video. Msomaji husoma kwanza kisha husikiliza, au kinyume chake, na kisoma skrini kikisema wakati muziki unalia, sauti mbili hugongana. Ndiyo maana yanatosha kwa video isiyo na maneno, lakini hayawezi kufidia usimulizi uliojaa "hapa" na "hivi".

Kabla ya kuchapisha, icheze mara moja bila sauti, kisha mara moja simu ikiwa kifudifudi mezani, mbele ya mtu ambaye hajaiona. Muulize gundi inaachwa kwa muda gani na tundu lilipatikanaje. Akikwama safari ya kwanza, rudi kwenye manukuu. Akikwama ya pili, rudi kwenye usimulizi.