Kreatini Wakati wa Kukata Mafuta: Kilo Iliyopanda ni ya Nini?

"Niko wiki ya sita nakata mafuta. Nimeanza kreatini, na ndani ya siku saba mizani imepanda kilo moja. Niendelee au niache kwanza?"

Usiache kwa sababu ya mizani. Sababu za kuacha zipo, nitazifikia, ila hiyo si mojawapo.

Kwanza tukubaliane kwamba kreatini haichomi mafuta. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Kazi yake iko ndani ya msuli, ambako hujaza akiba inayorudisha kwa haraka ATP, yaani nishati ambayo msuli hutumia moja kwa moja, katika zile sekunde chache za juhudi kubwa. Kwenye chuma utaiona hivi: seti ya skwati uliyokuwa ukiishia mara ya sita, unafikisha mara ya saba. Kwa anayekula pungufu hilo lina uzito wake, maana chakula kikipungua nguvu nazo hupungua, mtu anaanza kutoa sahani kwenye chuma, na msuli usiopewa kazi nzito huanza kuliwa na mwili wenyewe. Lakini nisiitukuze kupita kiasi. Kinacholinda msuli ni protini ya kutosha na mazoezi mazito. Kreatini inakusaidia tu kuyaendeleza hayo mazoezi.

Sasa hiyo kilo. Kreatini ikiingia kwenye seli za msuli huvuta maji pamoja nayo. Anayeanza na dozi kubwa ya kujaza, yaani gramu 20 kwa siku zikigawanywa mara nne kwa siku tano hadi saba, kwa kawaida hupanda kilo moja hadi mbili. Anayetumia gramu 3 hadi 5 kila siku huijaza misuli ileile kwa takriban wiki nne, bila mruko wa ghafla wala tumbo kuvurugika. Kwa anayekata mafuta napendelea njia hii ya pili, kwa sababu mruko wa wiki ya kwanza ndio unaowatisha watu wakakata chakula zaidi bila sababu.

Tuchukue mtu wa kilo 84 anayepoteza nusu kilo ya mafuta kila wiki, akaanza na dozi ya kujaza na kuvuta kilo moja na nusu ya maji. Wiki ya kwanza ikiisha, mizani inasoma 85. Ya pili, 84.5. Ya tatu, 84, palepale alipoanzia, na hapo wengi hukata tamaa ilhali kilo moja na nusu ya mafuta imeshaondoka. Aliyejua angechukua utepe wa fundi cherehani, akapima kiuno usawa wa kitovu kila Ijumaa asubuhi kabla ya chai. Kiuno kikipungua huku mizani imeganda, ni maji ya msuli. Mizani ikizidi kupanda baada ya wiki ya nne na kiuno kikiongezeka, tatizo liko kwenye sahani ya chakula.

Upande wa pili nao una hoja. Bondia anayepaswa kupimwa uzito wiki ijayo hana nafasi ya kilo moja ya ziada, hata iwe ya maji. Huyo asianze sasa, na kama tayari anatumia ajue kuwa akiba hushuka polepole, wiki nne hadi sita baada ya kuacha. Kujikamua maji ili kufidia ni hatari kubwa. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki wakijikausha ili kufikia uzito. Kreatini ilishukiwa mwanzoni, lakini uchunguzi ukaonyesha kilichowaua ni kuishiwa maji na joto la mwili kupita kiasi, kwa kufanya mazoezi wamevaa nguo zisizopitisha hewa ndani ya vyumba vyenye joto.

Kuhusu figo, kwa mtu mzima mwenye figo nzima, tafiti za miaka mingi hazijaonyesha madhara kwa dozi za kawaida. Mkanganyiko mwingi unatoka maabara. Kreatini huvunjika kuwa kreatinini, na hiyo ndiyo hupimwa kukadiria kazi ya figo. Ukiwa unatumia, kipimo kinaweza kupanda kidogo bila figo kuwa na shida yoyote. Mwambie daktari kabla hajatoa damu. Akiwa na shaka anaweza kuagiza kipimo cha sistatini C, kisichoyumbishwa na kreatini.

Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila ruhusa ya daktari wake. Mwenye kisukari au presha naye apime figo kwanza, kwa sababu magonjwa hayo huziharibu kimyakimya na mtu asijue. Mjamzito aiache. Na kopo likiwa na mchanganyiko wa "kuchoma mafuta" ndani yake, liache dukani. Tafuta lililoandikwa kreatini monohidrati peke yake.