Bagi Lina Miaka Minane, Nilaumiwe Mimi?

Mwenzenu nimepewa cheo. Msipige vigelegele kwanza. Bosi kaniita asubuhi, chai yangu hata haijapoa, kaniambia kuanzia mwezi huu mimi ndiye mtu wa ripoti ya umri wa mabagi. Nyumbani nilipomsimulia mama watoto, akauliza ni begi gani hilo lina miaka minane, si litupwe tu. Nikamwambia si begi, ni bagi, kasoro ya programu. Akasema basi ndiyo litupwe haraka zaidi.

Kuna watu wangefaa kuwa mabosi, ila wamezaliwa na busara.

Sisi tunatengeneza programu ya mauzo, ile ya dukani ya kutoa risiti. Mteja akilalamika, lalamiko linaandikwa kwenye daftari la mfumo, linapewa namba na tarehe. Kupata umri wake si uchawi, ni kuchukua tarehe ya leo na kutoa tarehe lililofunguliwa:

```sql
SELECT id, kichwa,
       CURRENT_DATE - tarehe_kufunguliwa AS siku
FROM bagi
WHERE hali = 'wazi'
ORDER BY siku DESC;
```

Balaa likaanza bosi aliposema, "Mambo mengi sitaki. Nipe namba moja, wastani." Haya. Wiki hiyo kwenye sehemu ya risiti kulikuwa na mabagi matano: la siku 3, la siku 10, la siku 20, la siku 40, na zee moja la siku 2,900. Jumlisha, gawanya kwa tano, unapata karibu siku 595. Bosi akashika kichwa. "Yaani bagi likiingia hapa linakaa mwaka na nusu?" Bosi wangu, manne kati ya hayo hayajafika hata miezi miwili! Ni sawa na kumweka babu kwenye daladala ya wanafunzi wa chekechea, halafu utangaze kwamba abiria wote ni watu wazima. Nikamwomba atazame namba ya katikati, ukiyapanga kwa umri, ambayo ni siku 20. Akaniangalia kama ninayemficha mtu.

Wiki iliyofuata tukatoa toleo jipya, likavurugika. Siku moja tu mabagi mapya kumi, simu zinalia kama msibani. Nikapiga hesabu yangu kwa unyonge: mabagi sasa kumi na tano, na watoto wachanga wakiwa wengi wastani ukaporomoka kutoka siku 595 hadi karibu 200. Bosi akatununulia soda! Eti tumejitahidi. Nikanywa ile soda huku moyo unanisuta. Fanta, tena baridi.

Sasa akanogewa. Akasema ili wastani ushuke kabisa, yale mazee yote yafungwe kabla ya Ijumaa. Kufunga bagi ni kubonyeza kitufe tu, bwana, hata mtoto anaweza. Kazi ni kujua lipi limekufa na lipi limelala. Lilikuwepo moja linasema vitufe havionekani kwenye kivinjari cha Internet Explorer. Hilo nilifunga bila kunawa mikono, maana Internet Explorer yenyewe Microsoft waliistaafisha Juni 2022. Kufunga namna hiyo si aibu. Bagi namba 1 la Ubuntu, mfumo wa kompyuta unaoshindana na Windows, lililofunguliwa na mwanzilishi wake Mark Shuttleworth mwenyewe mwaka 2004, lilisema kasoro ni kwamba Microsoft imetawala soko. Likakaa wazi mpaka 2013 alipolifunga, na si kwamba Windows ilikuwa imeng'oka kwenye kompyuta za mezani. Simu na tableti zilikuwa zimeugeuza uwanja wenyewe.

Nikafika kwa yule mzee wa siku 2,900. Kichwa chake: "Risiti za usiku zina tarehe ya jana." Limeletwa na dada wa duka la dawa linalokesha. Kaandika vizuri kabisa: nimeuza saa 7 usiku, risiti imetoka na tarehe ya jana. Chini yake fundi wetu wa zamani kajibu: "Nimejaribu saa 7, haijitokezi." Nami, kwa haraka ya Ijumaa, nikafunga. Sababu: haijitokezi.

Jumatatu dada kapiga simu. "Kaka, mmeandika tatizo limefungwa. Limefungwa wapi? Mimi kila usiku nakata tarehe kwa peni naandika ya kweli, nimemaliza peni ngapi sijui. Na mauzo ya usiku wa tarehe moja yanaingia mwezi uliopita, mhasibu kila mwezi ananitazama kama mwizi." Nikamwambia, dada, fundi alijaribu saa 7. Akauliza, saa 7 ipi?

Jamani, nilihisi kiti kinazama. Saa 7 ya dada ni saa saba usiku, watu wamelala, mbwa wanabweka. Saa 7 ya fundi ilikuwa ile ya kwenye kompyuta, 7 PM, yaani saa moja jioni, anasubiri kwenda kula chipsi. Na seva yetu inahesabu siku kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwetu ikigonga saa sita usiku siku imegeuka, kwake ndiyo kwanza saa tatu usiku ya jana. Kwa hiyo kuanzia saa sita mpaka saa tisa usiku tarehe inatoka ya jana, ila saa iliyochapwa ni sahihi kwa sababu inatoka kwenye kompyuta ya dukani. Ukijaribu saa moja jioni utaona kila kitu kiko sawa, na ungeweza kujaribu hivyo mpaka ustaafu.

Nikaamua kuhakikisha. Saa saba usiku niko sebuleni na mashine ya risiti, inakwaruza krrr krrr. Mama watoto kaja na tochi. "Risiti ya nini saa hizi? Umemnunulia nani?" Nikampa aisome. Akasoma tarehe. "Kumbe ya jana! Jana jioni uliniambia uko kwenye kikao." Aliyeeleza UTC usiku ule si mimi, ni woga. Asubuhi kijana wa mazoezi kazini ananiambia, mzee, si ungesogeza tu saa ya seva ya majaribio?

Nikalifufua lile bagi. Nikaandika upya hatua za kulifanya lijitokeze, saa zote mbili, yetu na ya seva, nikaweka picha ya risiti na malalamiko mengine mawili yanayofanana nalo. Bosi akaona wastani umeruka tena. Akaja na wazo: kwa kuwa nimelifufua Jumanne, lihesabiwe kuanzia Jumanne, liwe na siku moja. Nikamwambia bosi, dada amekata tarehe kwa peni miaka minane, wewe unampa bagi cheti kipya cha kuzaliwa? Tukaishia kuweka safu mbili, siku tangu kuzaliwa na siku tangu kufufuliwa. Yeye anaangalia ya pili tu, anatabasamu.

Dada wa dawa kaniuliza jana kama aendelee kununua peni. Nimemwambia anunue, ila asinunue boksi zima.