Mpe njuka hesabu anayoijua tayari

Shule zetu nyingi za sekondari Tanzania zina kozi ya awali ya kidato cha kwanza, wiki 6 hadi 8 hivi kabla ya kuingia kwenye mada za muhtasari. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili kwa miaka 7. Januari, akiwa njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, anakuta fizikia, jiografia na hesabu vyote vinafundishwa kwa Kiingereza, kila kipindi na mwalimu wake. Kozi ipo ili asizame.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya kata, na kwa maoni yangu kozi hii tunaiendesha kombo. Tunamwachia mwalimu wa Kiingereza peke yake, naye anaanza na nyakati za vitenzi, huku sisi wengine tukisubiri zamu yetu. Matokeo yake mtoto anaingia darasani kwangu akiwa na sarufi kidogo mkononi, lakini akiamini kwamba ya darasa la saba yamekwisha na sasa anaanza sifuri. Hofu yenyewe inatoka hapo.

Jaribu hili. Andika ubaoni: Find the LCM of 12 and 18. Darasa zima litainama kwenye madaftari. Futa, kisha andika: Tafuta KDS ya 12 na 18. Vidole vitajaa hewani, maana kigawe kidogo cha shirika wamekifanya tangu msingi. Atatoka mmoja, apige mstari, agawanye kwa 2, tena kwa 2, halafu kwa 3 na 3, azidishe, apate 36. Sasa rudisha swali la kwanza ubaoni, juu ya kazi yake mwenyewe, bila kufuta kitu. Utawasikia wakinong'onezana: kumbe ni ile ile!

Kuanzia hapo kazi ya Kiingereza inakuwa ndogo na ina mipaka. Ninawapa sentensi tatu fupi: ya kusema ninagawanya kwa 2, ya kusema ninazidisha, na ya kutaja jibu. Wanaziandika, wanaambiana wawili wawili, kisha mmoja anakuja ubaoni kufanya 8 na 20 huku akisema. Akikwama katikati anamalizia kwa Kiswahili, mwenzake anamsaidia kuyageuza maneno hayo kuwa Kiingereza, naye anayarudia. Mwalimu wa baiolojia anaweza kufanya hivyohivyo kwa sehemu za mmea. Tunachochagua wiki za mwanzo kiwe kitu ambacho mtoto anakijua kabisa, ili kigeni kiwe lugha tu.

Ndiyo maana siafiki kibao cha kuvalishwa shingoni anayekutwa akiongea Kiswahili, hasa muhula wa kwanza. Wanaokitetea husema kinawazoesha. Nilichoona mimi ni kwamba kinawazoesha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza huwezi kujua amekwama wapi. Pia usidanganywe na ile "yes sir" ya darasa zima ukiuliza kama wameelewa, wala na daftari safi. Fungua kurasa zake: kama mifano yote ya ubaoni imenakiliwa kwa mwandiko mzuri na zoezi lililofuata ni tupu, huyo anachora, hasomi.

Kuna na suala la wakubwa zao. Njuka hutumwa maji, huimbishwa, huelekezwa choo cha walimu kwa makusudi ili achekwe. Hotuba ya mwalimu wa nidhamu haifiki huko nyuma ya madarasa. Kinachosaidia ni kumpa kila mgeni mlezi wa kidato cha pili, ikiwezekana aliyetoka shule ileile ya msingi, ambaye mwaka jana tu alipitia hayohayo. Huyo ndiye atamwonyesha ratiba na kumwambia mwalimu yupi hakasiriki ukimuuliza swali.

Kozi haimalizi tatizo la lugha, tusijidanganye. Wiki 8 hazimfundishi mtu Kiingereza cha kusomea historia. Zinatosha kumfanya aulize asipoelewa, na hicho ndicho kipimo changu: ikifika wiki ya tatu na bado hakuna aliyeniuliza chochote, najua nimekosea kasi na ninarudi nyuma.

Pigo kubwa lakini ni wanaochelewa kuripoti. Viongozi hutangaza kwamba watoto wapokelewe hata bila sare, ila wazazi wengi bado wanasubiri mpaka wapate hela ya viatu na madaftari, na wapo wanaofika Machi kozi imekwisha. Hawa huwa tunawaketisha nyuma na kuendelea na mada. Afadhali kozi igawanywe vipande vya wiki mbili mbili, kila kimoja kikianza na jambo la darasa la saba, ili anayefika katikati asikose mahali pa kuingilia. Na wale waliowahi wapewe kazi ya kumfundisha mgeni zile sentensi tatu. Kwangu hiyo ndiyo marudio bora kuliko zoezi lolote ninalotunga, na haiombi bajeti.