Bili ya shehena imedanganya tarehe, benki inalipa: sawa kweli?

Wengi wetu tunadhani barua ya mkopo, ile ahadi ya benki kumlipa muuzaji kwa niaba ya mnunuzi, ni dawa ya utapeli, yani hela haitoki mpaka mzigo uwe safi. Hapana jamani. Benki haifungui kontena, inasoma makaratasi tu, yakilingana na masharti inalipa, mzigo ukiwa mbovu hiyo ni kesi yako na muuzaji.

Mlango mkuu ambao korti zimeuacha ni utapeli. Kule New York mwaka 1941, kwenye kesi ya Sztejn, mnunuzi alilalamika kwamba makreti 50 aliyoagiza yawe na nywele za kutengenezea brashi yamejazwa nywele za ng'ombe na takataka, huku karatasi zinasoma vizuri kabisa. Jaji akasema kama ni kweli, tapeli hawezi kujificha nyuma ya karatasi zake mwenyewe.

Hapo "zake mwenyewe" ndo penye utata. Chukua kesi ya meli ya American Accord. Muuzaji wa Uingereza kauza mitambo Peru kwa FOB, yani kazi yake inaishia mzigo ukishapanda melini, mwisho wa kupakia ni tarehe 15 Desemba 1976. Mzigo ukapanda melini tarehe 16. Mfanyakazi wa wakala wa upakiaji akaandika 15 kwenye bili ya shehena, karatasi ya meli inayothibitisha mzigo umepakiwa, makusudi, na muuzaji hakujua lolote. Benki ikagoma kulipa. Korti ya rufaa ikaiunga mkono, ila mwaka 1982 mabwana wa House of Lords, korti ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, wakasema hapana, utapeli unaozuia malipo ni wa muuzaji, siyo wa mtu wa tatu. (Mwishowe muuzaji alilipwa nusu tu, kwa sababu bei ilikuwa imeongezwa mara mbili kukwepa sheria za fedha za Peru, ila hiyo ni stori nyingine.)

Mi kwa uongo wa siku moja tu siwalaumu mabwana hao. Mitambo ipo, imepakiwa, na muuzaji hana kosa, sasa akose hela kwa uongo wa karani asiyemjua?

Ninapokwama ni pale bili yenyewe ikiwa feki kabisa, haina meli wala mzigo nyuma yake. Kwa mantiki ileile, muuzaji asiyejua bado analipwa, na kweli korti ya rufaa ya Uingereza ikasema hivyo kwenye kesi ya Montrod mwaka 2001, eti karatasi batili siyo sababu ya kugoma. Singapore mwaka uliofuata wakakataa, karatasi isiyo na thamani yoyote benki hailazimiki kuilipia, mradi ijue kabla ya kulipa. Mi nipo na Singapore, maana anayenunua kwa karatasi ananunua nini kama karatasi yenyewe ni hewa?

Ila hata huko, minong'ono haitoshi. Benki inataka ushahidi, na ikishalipa kwa nia njema hela yako hairudi kutoka kwake.