Bosi, Gego Limepona

Daktari wa meno alikuwa ameshaniambia, tena kwa upole, huku ameninyooshea kioo nijionee mwenyewe.

"Hako katundu bado ni kadogo. Nikikasafisha na kukaziba, ni kazi ya nusu saa."

"Lakini dokta, haliumi. Linashtuka tu nikinywa maji baridi, kisha linanyamaza hapo hapo."

"Ndiyo maana nakuambia tulizibe leo. Kiini cha jino bado kinalalamika tu. Kikishagoma, kuziba hakutasaidia."

Nikamwahidi wiki ijayo. Wiki ijayo ya mwaka gani, sikusema.

Gego lenyewe ni la chini, kushoto, lile kubwa ambalo mtu huota akiwa na miaka 6 hivi. Tumeishi pamoja tangu utotoni, nikaamini haliwezi kunigeuka. Miezi mitano baadaye nikaonja chai ya moto, likanigeuka. Safari hii maumivu hayakupita kama zamani. Yalikaa, yakatandika mkeka, yakapanda mpaka sikioni. Usiku ndiyo yalinoga zaidi: nikilala yanadunda kama ngoma, nikikaa yanapungua. Dada yangu akanikuta saa tisa usiku nimeegemea ukuta na mito mitatu mgongoni.

"Mdogo wangu, unalinda nini?"

"Jino. Nikilala tu, linaanza."

"Ukilala damu inajaa kichwani, na hicho kiini kimevimba ndani ya jino ambalo halitanuki. Kitapumulia wapi? Kesho nenda hospitali."

"Kesho nina zamu."

Asubuhi sikuweza hata kuivaa hiyo zamu. Siku ya kwanza ya kazi ikaenda.

Siku ya pili niliipoteza kwa ujuzi wangu mwenyewe. Nilisikia mahali kwamba aspirini ukiibandika kwenye fizi, jino linatulia. Nikaibandika, nikafunga mdomo, nikasubiri muujiza. Dada akamulika kwa tochi.

"Mbona fizi imekuwa nyeupe?"

"Dawa inaingia."

"Dawa inakuunguza! Aspirini ni tindikali. Inamezwa, haibandikwi!"

Basi nikawa na jino bovu na kidonda cha kujitakia, vyote upande mmoja.

Siku ya tatu nilirudi kazini kwa sababu nilikuwa nimegundua siri: maji baridi, yale yale yaliyokuwa yakilishtua, sasa yalikuwa yanalituliza. Nikiweka funda moja upande wa kushoto, maumivu yanazimika kama taa. Maji yakipata joto la mdomo, baada ya nusu dakika hivi, maumivu yanarudi. Basi funda jingine. Nilidhani ni dalili njema. Kumbe jino likifika mahali pa kuchukia moto na kubembelezwa na baridi, kiini chake kiko ukingoni mwa kaburi.

Tatizo ni kwamba kazi yangu ni kupokea simu za wateja.

"Haloo? Haloo? Kuna mtu?"

Glup. "Karibu, nikusaidie nini?"

"Nimeshindwa kufungua akaunti yangu."

"Pole sana. Naomba namba ya..." Likaanza. Funda. Kimya.

"Namba ya nini? Haloo? Kaka, umezama?"

Saa nane bosi akaniita ofisini, akanisikilizisha rekodi.

"Simu kumi na moja," akasema. "Zote zinaanza na glup. Unakunywa nini?"

"Maji, bosi."

"Na huku chooni umekwenda mara ngapi?"

Sikujibu, kwa kuwa muda huo huo nilikuwa nataka kwenda.

Halafu, siku iliyofuata, maumivu yakakatika. Hayakupungua, yalikatika. Nikanywa chai ya moto, kimya. Nikanywa maji ya barafu, kimya. Nikampigia dada kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Limepona!"

"Jino lenye tundu haliponi. Limekufa."

"Kama limekufa, mbona mimi mzima?"

"Subiri."

Huyu dada si daktari, ila alishawahi kupitia haya, na watu wa namna hiyo wanaudhi kwa sababu huwa wamekosea mara chache mno. Kazini nikatangaza: "Bosi, gego limepona!" Akanipongeza. Wiki tatu nikaishi kama mfalme, nikatafuna kulia na kushoto. Ndani, bila mimi kujua, vijidudu vilikuwa vinateremka kwenye mizizi, kwa sababu kiini kilichokufa hakina damu ya kuleta walinzi.

Jumapili jioni nikahisi gego limekuwa refu. Nikifunga mdomo, linatangulia kukutana na la juu, na kila likigongana naona nyota. Jumatatu asubuhi nikajitazama kwenye kioo, shavu la kushoto likanitazama kabla yangu. Nikampigia bosi.

"Bothi, thitaweza kuja kathini."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, bothi. Thavu limevimba."

"Samahani, umekosea namba." Akakata.

Ilibidi dada apige. Kisha akanigeukia: "Meza mate. Unameza vizuri? Fungua mdomo. Vidole viwili vinaingia? Chini ya ulimi hapajavimba? Haya, twende kwa daktari wa meno. Ungeshindwa kumeza au kupumua, tungekimbilia dharura."

Njiani nikajaribu bahati ya mwisho. "Thi ninunue tu antibayotiki?"

"Zitafikaje ndani ya jino lisilo na damu? Uvimbe utashuka, utafurahi, kisha utarudi na wenzake."

Daktari alikuwa yule yule. Alinitazama, akatazama faili, akanitazama tena.

"Wiki ijayo imefika?"

Nikatikisa kichwa. Picha ya eksirei ikaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi: usaha umejichimbia chumba kwenye mfupa. Akapiga ganzi, akagusa, nikaruka.

"Penye usaha ganzi haishiki vizuri," akasema, akaandaa sindano ya pili. "Ungekuja kwa lile tundu, moja ingetosha."

Kisha akatoboa jino kwa juu. Sitaisahau ile harufu. Dada alirudi nyuma hatua mbili, msaidizi akarekebisha barakoa. Lakini presha ilivyotoka! Maumivu ya siku mbili yalishuka kama mzigo kutoka kichwani. Akaingiza visindano vyembamba kama nywele, akasafisha mifereji mitatu iliyomo kwenye mizizi miwili, akaosha, akaweka dawa na kizibo cha muda. Kwa kuwa uvimbe ulishaenea shavuni, akaniandikia na antibayotiki.

"Utarudi baada ya wiki mbili nijaze mifereji. Baadaye tutalivika kofia, maana gego lililotobolewa hivi hupasuka kirahisi. Leo na siku mbili zijazo, pumzika."

Siku tatu. Ukijumlisha na zile mbili za mwanzo ni tano, badala ya nusu saa.

Siku ya kujaza mifereji sikuthubutu kuomba ruhusa tena. Nilitoka kwenye kiti cha daktari moja kwa moja hadi kazini, mdomo wa chini umekufa ganzi nusu nzima. Daktari alishanionya kwamba itachukua saa mbili mpaka nne kuisha, na nisitafune kitu nisije nikajing'ata. Kuhusu kuongea hakusema chochote. Simu ikaita.

"Kalibu, nikuthaidie nini?"

Mteja akanyamaza kidogo.

"Samahani, kaka. Wewe siyo yule wa glup?"

"Ndiyo mimi."

"Maji yameisha?"